RST ilitoka kwetu, lakini kosa halikuwa letu

Kila asubuhi ombi la kwanza kutoka kwenye programu yetu kwenda PostgreSQL lilikwama sekunde 30, kisha likafa. Wenzetu wa databesi walifungua faili la Wireshark nililowatumia, wakaona RST imetoka kwenye anwani yetu, wakaniambia, "Kaka, ni nyie mnaokata." Hapo walikuwa sahihi. Programu ilikuwa imepangwa kungoja sekunde 30, na ikichoka inakata kwa RST. Ila mimi nilitaka kujua ilikuwa ikingoja nini.

Nilichuja muunganisho mmoja tu kwa `tcp.stream eq 14`. Kabla ya RST kulikuwa na ombi moja lililorudiwa mara 7, kila safari likisubiri mara mbili ya muda uliotangulia: sekunde 0.2, 0.4, 0.8, hadi 12.8. Upande wa pili haukurudisha hata ACK moja. Kama ingekuwa laini mbovu inayodondosha pakiti hapa na pale, ningetarajia angalau marudio machache yapite. Hapa palikuwa kimya kabisa, na wakati huohuo miunganisho mipya kwenda seva ileile ilikuwa inajibiwa vizuri.

Faili la upande mmoja lisingeweza kutuamulia, kwa hiyo usiku uliofuata tulinasa pande zote mbili:

```
tcpdump -i eth0 -s 128 -w db.pcap port 5432
```

Asubuhi, nikiwa nalinganisha, nilikaribia kujidanganya. Muunganisho ulikuwa umeanza kabla hatujanasa, na Wireshark huhesabu namba za mfuatano kuanzia pakiti ya kwanza inayoiona, kwa hiyo namba za mafaili mawili hazikuoana. Nilizima `Relative sequence numbers`, zikaoana.

Kwenye faili la seva lile ombi halikuwapo, wala marudio yake, wala hata RST yetu. Na tcpdump iliandika `0 packets dropped by kernel`, hivyo sikuwa na sababu ya kuilaumu yenyewe. Seva haikujua kabisa kwamba tumekata.

Katikati kulikuwa na fayawoli tu. Mwenzetu anayeisimamia alitazama mipangilio: muunganisho usio na mazungumzo kwa saa 1 unafutwa kwenye kumbukumbu yake, na pakiti zinazokuja baadaye zinatupwa bila taarifa. Linux nayo, isipoambiwa vingine, hungoja sekunde 7200 kabla ya kutuma kipimo cha kwanza cha uhai, yaani keepalive. Saa 2 hizo. Kilipotoka, mlango ulikuwa umeshafungwa zamani.

Sikungoja fayawoli ibadilishwe; mabadiliko yake huku kwetu yanahitaji kikao. Kwenye `postgresql.conf` tuliweka:

```
tcp_keepalives_idle = 600
```

Tukaiambia PostgreSQL isome mipangilio upya, kisha tukafungua miunganisho upya. Usiku ule faili lilijaa `[TCP Keep-Alive]` kila dakika 10, na saa 2 asubuhi ombi la kwanza likajibiwa papo hapo.