Ujumbe wa shukrani kwa wifi wa shangazi

Harusi ya binti yake ilipokwisha na majamvi yakarudishwa kwa wenyewe, shangazi yangu wa Tanga alinipa simu yake akaniomba nipitishe macho kwenye ujumbe aliotaka kumpelekea wifi yake wa Mombasa. Wifi huyo ni dada wa marehemu mume wake. Kwa bi harusi, basi, yeye ni shangazi, na kwa desturi ya kwetu shangazi wa bi harusi si mwalikwa: anasikilizwa tangu siku ya posa, na siku ya kupambwa nafasi yake ni chumbani pamoja na somo. Safari hii alituma fedha za mchele asubuhi ya siku yenyewe, na yeye mwenyewe akafika jioni, bi harusi akiwa ameshatolewa ukumbini. Shangazi alikuwa ameandika hivi:

“Wifi, asante. Hatimaye mchango wako ulifika. Kwa hicho kidogo ulichojaliwa tumefurahi, na tunakushukuru pia kwa kuhudhuria harusi yetu japo ulibanwa na shughuli. Mungu anajua mioyo ya kila mtu, atakulipa unavyostahili. Tumeshukuru...”

Nilimuuliza kwanza kama alikuwa na kinyongo, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo lingeamua kazi iliyo mbele yetu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kule kuchelewa kulimuuma, lakini mchele ulimwokoa kwelikweli, na ujumbe huu ulikuwa wa mchele. Nilimwamini. Hata hivyo wifi yake asingeusoma akiwa na moyo wa shangazi; angeusoma akiwa peke yake Mombasa, akijua fika kwamba amechelewa, na huku katika simu hiyohiyo ujumbe wake wa mwisho ukiwa ule wa kuomba radhi ambao shangazi hakuwahi kuujibu. Kwa namna hiyo, lolote ambalo shangazi angelisema kuhusu wakati lingekuwa ndilo jibu la ile radhi.

Nilimwomba tufanye jambo moja rahisi: tuyafunike kwa kidole maneno yote ya kushukuru, yaani “asante”, “tumefurahi”, “tunakushukuru” na “tumeshukuru”, halafu tusome yaliyosalia kana kwamba ndiyo ujumbe mzima. Yalisalia haya: umechelewa, umetoa kidogo, ulikuwa na mambo mengine ya maana, na Mungu anakuona. Shangazi alishika mdomo. Shukrani safi ikifunikwa hivyo huacha habari ya wema uliotendwa. Kinachobaki kikiwa ni orodha ya mapungufu, msomaji ana haki ya kudhani kwamba asante imewekwa juu yake kama kitambaa juu ya kisu.

Tukaanza kuyapima moja moja. “Hatimaye” liliondoka bila ubishi. Lile la “kidogo ulichojaliwa” lilimshangaza, kwa kuwa yeye huliona ni neno la adabu, na kweli ni la adabu, ila ni la mtoaji. Anayetoa husema “pokea hiki kidogo”, na anayepokea hukanusha kwa kusema kwamba si kidogo hata kidogo. Mpokeaji akilitangulia yeye, amekwisha kukipima kile alichopewa na kutoa hukumu. Dua nayo ilihitaji kutazamwa. “Mungu atakulipa unavyostahili” humfurahisha mtu asiye na deni, lakini kwa aliyechelewa ni dua yenye ncha mbili, na kuitanguliza kwa “anajua mioyo ya kila mtu” ni kuinoa ile ncha mbaya. Tukaweka “Mwenyezi Mungu akuzidishie”, ambayo haina upande wa pili.

Zile nukta tatu za mwisho shangazi aliziweka kama mahali pa kuvuta pumzi, na ndivyo anavyoandika kila ujumbe wake. Kwa msomaji asiyemsikia akivuta pumzi, nukta hizo ni maneno yaliyomezwa. Watu wa pwani tumekua tukisoma majina ya kanga na kujiuliza nani kalengwa, kwa hiyo hatuachi nafasi tupu ipite bila kuijaza, na mara nyingi tunaijaza kwa baya.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa sentensi ambayo mtu wa mbali angeiona ni safi kuliko zote: “tunakushukuru kwa kuhudhuria harusi yetu”. Anayeshukuriwa kwa kuhudhuria ni jirani, au mfanyakazi mwenza, au mkwe mtarajiwa. Kumwambia hivyo shangazi wa bi harusi ni kumtoa upande wa wenyeji na kumketisha na wageni, na “harusi yetu” inamfungia mlango kabisa. Hata “mchango wako” lilikuwa na kasoro hiyohiyo, maana kamati ndiyo hupokea michango, ilhali mtu wa nyumbani hutoa sehemu yake. Nilimweleza shangazi kwamba kijembe kikali huweza kukaa ndani ya heshima iliyozidi, pale mtu wa ndani anapotendewa kama mtu wa nje. Hapo ndipo alipoomba karatasi.

Tulikubaliana kwamba ujumbe mpya utaje kitu chenyewe na kazi kilichoifanya, kwa sababu sifa ya jumla humwachia msomaji nafasi ya kutafuta maana nyingine, ilhali jambo mahususi halimpi nafasi hiyo. Shangazi alipendekeza tuongeze kwamba bi harusi alikuwa akimuulizia tangu asubuhi. Lilikuwa jambo la upendo na lilikuwa la kweli, lakini tulipolisoma kwa sauti “tangu asubuhi” iligeuka kuwa lawama, kwa hiyo tukachukua furaha ya jioni tukaiacha asubuhi. Tukaijibu pia ile radhi kwa maneno machache, bila kurudi kwenye sababu yake. Ukawa hivi:

“Assalaam alaykum wifi yangu. Ujumbe wako niliupata, usiwe na wasiwasi. Harusi ya mwanetu imekwisha salama, alhamdulillah. Mchele wako ndio tuliopikia pilau ya mchana, na watu walikula wakashiba. Bi harusi alivyokuona ukiingia alifurahi mno. Asante sana wifi yangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie.”

Tuliufunika tena kwa kidole. Zamu hii yalibaki mchele, pilau na furaha ya bi harusi.

Niliuliza kama asingependa kutuma sauti yake, kwani sauti huonyesha tabasamu ambalo maandishi hayalionyeshi. Alikataa, akisema kwamba donge la kuchelewa bado lilikuwa kooni na lingesikika. Niliona amepima vizuri. Maandishi yalimwezesha kushukuru siku ile bila kungoja donge liyeyuke, na donge lenyewe akaliwekea siku yake, mbali na mchele. Hatukulitaja ndani ya ujumbe, wala hatukuandika “nitakupigia tuzungumze”, maneno ambayo yangemkosesha wifi usingizi.

Jibu lilikuja kabla ya magharibi, refu na la furaha, likiuliza habari za mkwe na picha za ukumbini. Ijumaa shangazi akapiga simu. Nilikuwepo, nikamsikia akisema waziwazi, “Wifi, siku ile ulinikosesha raha, nilikutaka uwe chumbani na mwanao.” Wifi alieleza kwamba fedha zilitegemea zamu yake katika mchezo wao wa akina mama, nayo ikasogezwa, na kwamba basi lilikaa mno mpakani Horohoro. Aliomba radhi upya, shangazi akaipokea, kisha wakahamia kwenye habari za maharusi kwenda kumsalimu Mombasa, na nani angewapokea stendi.