Tarehe zilizokwamisha kibali changu cha kazi Bangkok

Slipu za mshahara na taarifa ya benki kutoka Dar zilirudishwa mara mbili: tarehe hazioani. Mara ya kwanza nilidhani ni hela, mfasiri akabadili shilingi kuwa baht, sarafu ya Thailand. Ikawa balaa zaidi, maana tarakimu hazikufanana tena na nakala asili.

Kumbe tatizo ni mwaka. Thailand huhesabu kwa kalenda ya Kibuddha, miaka 543 mbele yetu, kwa hiyo 2024 ni 2567. Slipu ilifasiriwa "Machi 2567", lakini "28/03/24" ya benki ikageuka 2524, yaani 1981! Sikuwa hata nimezaliwa.

Nilimwomba mfasiri aandike kila tarehe kwa jina la mwezi na miaka yote miwili: 28 Machi 2567 (2024). Fedha zikabaki shilingi, makato kila moja na mstari wake: mshahara 1,800,000, NSSF 180,000, kodi 314,000, mkononi 1,306,000. Jina NSSF likaachwa vilevile, na maelezo "mfuko wa Tanzania", lisichanganywe na hifadhi ya jamii ya kwao. Kisha nikalinganisha 1,306,000 na ingizo la benki, mwezi kwa mwezi.

Juzi zimepokelewa.