Kumbukumbu ya mradi: Ist inayozimika mataani, na barua niliyompa fundi

Jamani imepatikana!! Nimehangaika na hili gari tangu kabla ya masika na leo nimetoka Mwenge mpaka Morocco saa nane mchana, kiyoyozi juu, foleni ile ile, haijazima hata mara moja. Nimefurahi mno, acha niandike yote kabla sijasahau.

Tatizo kubwa halikuwa hata ugonjwa wenyewe, ni kwamba gari linaumwa barabarani tu. Ukilifikisha gereji linanguruma vizuri, fundi anafungua boneti, anasikiliza, anasema mbona gari zima hili, unalipa hela ya kuangaliwa unaondoka, ukifika mataa ya kwanza linazima na daladala nyuma inapiga honi. Kumwelezea fundi kwa mdomo pia haisaidii sana, maana nikisema tu "linazima" yeye tayari kashafikia pampu. Kwa hiyo safari hii nikamwandikia, nikamtumia usiku. Naiweka kama ilivyo:

"Fundi shikamoo. Kesho asubuhi naleta gari ila naomba usome hii kabla hujafungua boneti, maana ukiwasha tu utalikuta liko sawa. Ni Ist ya 2NZ, otomatiki, throto ya waya.

Linavyozima: halikati ghafla kama mtu kazima swichi. Mizunguko inashuka, gari linatetemeka, sindano ikipita chini ya 500 ndio linazima. Naweka N, napiga stata, linawaka hapo hapo bila kukanyaga mafuta. Ndio maana sidhani ni sensa ya krenki, ile ikipata joto inakata mara moja na mara nyingi inagoma mpaka ipoe.

Linazima lini: injini ikishapata moto, nikiwa D nimesimama kwenye mataa au kiplefti, hasa kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Barabara ikiwa wazi halijawahi. Asubuhi likiwa la baridi halijawahi. Na kuna kitu nimekigundua wiki hii nataka ukitilie maanani: linazima mguu wangu ukiwa kwenye breki. Nikisimama pale pale, nikaweka N na hendibreki, nikatoa mguu, linatulia sailensi nzuri tu hata dakika kadhaa.

Yaliyofanyika, kwa mpangilio: kwanza nilibadilisha pedi za mbele, na tangu siku zile pedeli ya breki imekuwa ngumu kidogo, niliambiwa ni pedi mpya zitazoea. Kuzima kukaanza baadaye. Gereji nyingine wakabadilisha plagi na filta ya hewa, hakuna tofauti. Wakasafisha throto na vali ya sailensi, likawa zuri kidogo halafu likarudi pale pale. Mwisho wakabadilisha pampu ya mafuta, hakuna tofauti kabisa. Taa ya injini haijawaka.

Naomba usibadilishe kitu kwanza. Tuliangalie likiwa na moto, likiwa D, breki imekanyagwa."

Fundi kaisoma, kanyamaza, akaniuliza swali moja tu: pedeli bado ngumu? Nikasema ndio. Akasema kaa ndani, washa, liache lipate moto kisha kanyaga breki ushikilie.

Sasa hapa ndio penyewe, na nataka nipaeleze vizuri kwa sababu nimeona watu wengi wanauziwa pampu kwa dalili hizi hizi. Busta ya breki ni lile bakuli kubwa jeusi nyuma ya masta silinda, ndani lina vyumba viwili vilivyotenganishwa na mpira. Usipokanyaga, vyumba vyote viwili vina vakyumu inayotoka kwenye manifodi, kwa hiyo mpira hata ukiwa umechanika hakuna hewa inayopita, gari linatulia. Ukikanyaga, vali inafunguka na kuingiza hewa ya nje kwenye chumba cha nyuma ili isukume mpira mbele. Mpira ukiwa na tundu, ile hewa inapenya mpaka chumba cha mbele, inapita kwenye paipu, inaingia kwenye injini bila kupita kwenye sensa ya hewa. Kompyuta haijui kama kuna hewa ya ziada, mafuta yanakuwa machache, injini inakufa. Kwenye mwendo huoni kitu kwa sababu matairi yanaizungusha injini na hewa inayoingia ni nyingi, kile kiasi cha wizi hakionekani. Mataani injini iko peke yake, imebeba gia na kompresa. Na gereji? Gereji hakuna mtu anayekaa na mguu kwenye breki wakati fundi anapulizia spirei kutafuta uvujaji! Wangepulizia mpaka kesho.

Nilikuwa na kile kisomaji cha blutuuthi cha `ELM327` kwenye simu, nikafungua `STFT`, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza papo hapo. Bila breki sailensi ilikuwa karibu 700 na namba inacheza karibu na sifuri. Nikakanyaga nikashikilia: mizunguko ikashuka mpaka 500 na kitu, `STFT` ikapanda ikapita +20, na miguuni ikawa inasikika "ssss" isiyokatika. Nikaachia, vyote vikarudi. Angalieni hapa, kushuka kidogo pale unapokanyaga mara ya kwanza ni kawaida kwa gari lolote na kusikia mpumuo mfupi pia ni kawaida, lakini lazima irudi ukiwa bado umeshikilia. Ya kwangu haikurudi.

Fundi akafunga kitambaa kwenye plaizi, akabana paipu ya vakyumu inayoenda kwenye busta, akasema kanyaga tena. Pedeli ngumu kama jiwe, ila injini haikutikisika, kiyoyozi kimewashwa na yote. Hapo tukamaliza ubishi. (Hili jaribio ni la gari lililosimama tu, ukibana ile paipu huna msaada wa breki, usiendeshe.)

Kuhusu visomaji: vingi vya bei poa vilivyoandikwa 2.1 vinaacha baadhi ya amri na magari yetu ya Japani vinayakataa, changu ni cha 1.5 na kinakubali. Kwa kazi hii hata hivyo sikio na mguu vingetosha, namba zilisaidia kumaliza maneno.

Nilikuwa nimepanga kutengeneza mashine ya moshi ya kutafuta uvujaji kwa kopo na mafuta ya mtoto, kopo nimeshatoboa kabisa, ila nimeiweka pembeni, maana moshi nao usingetoka popote breki ikiwa haijakanyagwa. Sasa hivi akili yote iko kwenye geji ya vakyumu, nataka niifunge kudumu kwenye dashibodi kwa kiungo cha T, nimeshaona paipu inapoweza kupita.

Busta tumepata ya mtumba Gerezani, ya gari lisilo na ABS kama langu. Fundi kapima urefu wa ile fimbo inayosukuma masta silinda kabla ya kufunga, akalinganisha na ya zamani, kwa sababu ikizidi breki zinabaki zimeshika na matairi yanapata moto. Pedeli imekuwa laini, nikishikilia breki `STFT` inatikisika kidogo inarudi. Kwa hiyo zile pedi mpya hazikuwa na kosa lolote, ugumu ulikuwa busta inaanza kufa. Pampu ya zamani nimeirudisha nyumbani, nzima kabisa, iko kwenye boksi la spea.