Ishara ya tano iliyojificha: jinsi nilivyotambua zaileni yangu

Nilikuwa na zaileni isiyo na lebo, fomula C8H10: pete ya benzini yenye metili mbili, ambazo nafasi zake huamua kama ni orto, meta au para. Nilipima NMR ya kaboni nikapata ishara nne, nikaandika orto. Hesabu ilikubali: para hutoa tatu, orto nne, meta tano.

Kilichonisumbua ni kwamba hakuna ishara iliyovuka 131 ppm. Kaboni ya pete inayobeba metili hukaa karibu 137, na orto lazima iwe nayo. Basi mojawapo ilikuwa imekosekana. Kaboni hiyo haina haidrojeni, kwa hiyo hupumzika polepole na ishara yake hufifia kipimo kikiharakishwa. Niliongeza muda wa kusubiri kati ya mipigo kutoka sekunde 2 hadi 10, nikaongeza na idadi ya mipigo. Ishara ikachomoza kwenye 137.7.

Tano, yaani meta. Ukiichora, mstari wa kioo hupita kwenye kaboni namba 2 na 5; hizo mbili husimama peke yake, zilizobaki hulingana jozi kwa jozi. Urefu wa ishara usikudanganye: hapa hauhesabu kaboni kwa uaminifu.