Siku moja maishani mwangu: mwizi anakimbia Birere, mimi nimekaa

Saa 12 asubuhi, chai na karatasi. Naandika hadithi ya kumkimbiza mwizi, lakini kwanza nachora Goma kwa mistari minne: mlima Nyiragongo juu, ziwa chini, Soko la Virunga, halafu mtaa wa Birere hadi mpaka wa Gisenyi. Watu hudhani mbio huandikwa kwa maneno ya haraka. Mimi naanza na njia.

Saa 2, Furaha wa hadithi yangu anatoka sokoni na pesa za likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu: mama wanane, dola 30 kila mmoja, jumla 240. Kabla mtu hajakimbia, namtembeza polepole. Anamsalimu muuza makala, anapita kona ya mafundi cherehani, anaruka mtaro, anarudi kwa muuza makala kuulizia deni. Msomaji akishaviona hivyo vitatu kwa utulivu, baadaye jina tu linamtosha.

Saa 4 kijana ananyakua mkoba, na hapo ndipo siku yangu inapoishia. Nilikuwa nimeandika "kushoto". Kushoto kwa nani? Mtu akigeuka, kushoto kwake kunageuka naye. Nafuta, naweka "kuelekea ziwani". "Mbali kidogo" nayo naifuta: kati yao kuna meza nne, kisha mbili. Halafu chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inashuka na magunia ya viazi. Breki yake ni kipande cha mpira ambacho dereva anakikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo haisimami ghafla. Kijana anapita mbele yake, Furaha anangoja. Meza mbili zinakuwa sita, na msomaji anajua kwa nini.

Aliyeniagiza kazi anapiga simu mara ya tatu. "Kwa nini huyo mama hapigi kelele za mwizi? Na bunduki iko wapi?" Bunduki ikilia Birere, barabara inabaki tupu, na bila umati hakuna mbio hizi. Kuhusu kelele, jibu ndilo hadithi yenyewe, bwana! Furaha ameona uso: ni mtoto wa mmoja wa wale mama wanane. Akinyamaza, kijana anavuka mpaka na pesa za wote. Akipiga kelele, umati unaokota mawe. Jambo hilo nimeliweka pale anapongoja chukudu, kwa sentensi moja, kwa sababu ndipo mahali pekee anaposimama. Nikilichelewesha hadi mwisho, msomaji naye atauliza swali la simu.

Jioni, sijui saa ngapi, mgongo umekataa. Nampa jirani kurasa nne na kalamu: chora walikopita. Amechora Furaha akiruka mtaro mara mbili. Amesoma vizuri, kosa ni langu. Kwenye mbio nimeutaja mtaro kabla ya cherehani, kisha tena baada yake. Nafuta ule wa kwanza. Umeme unakatika kabla kijana hajafika kwenye kizuizi cha mpaka, kwa hiyo usiku huu bado anakimbia, meza tatu mbele.