Siku moja maishani mwangu: nguzo nne za bluu

Saa 2:15 asubuhi

Kazi yangu ni kukagua michoro ya takwimu kabla haijaenda kwa mchapaji. Leo ninao mmoja tu, ukurasa mzima wa infografia katika ripoti ya mwaka ya maktaba, na unatakiwa uondoke mezani kwangu kabla ya saa kumi jioni. Kichwa chake ni "Wasomaji wafurika maktabani". Chini yake zimesimama nguzo nne za bluu, za 2019, 2021, 2022 na 2023, zikipanda kama ngazi.

Sianzi na namba. Kwanza naziziba kwa karatasi, natazama umbo peke yake, kisha naandika pembeni kile ambacho jicho limeniambia. Leo nimeandika: "Nguzo ya mwisho ni karibu mara nne ya ile ya kwanza." Hatua hii siiruki, maana msomaji mwenye haraka huondoka na umbo, namba anaziacha palepale.

Saa 3:00

Naifungua picha kwenye kompyuta na kupima urefu wa nguzo kwa pikseli. Ya 2019 ina 72, ya 2023 ina 276. Nikigawanya napata 3.8, kwa hiyo jicho halikunidanganya. Ndipo nafungua jedwali lenyewe: 2019 ni 46,200, na 2023 ni 49,600. Ongezeko ni 3,400, yaani asilimia 7 na kidogo.

Namba zote zilizoandikwa juu ya nguzo ni sahihi. Tatizo liko chini kabisa kushoto, kwa maandishi madogo ya kijivu: mhimili wima umeanzia 45,000. Nguzo husomwa kwa urefu wake wote kuanzia chini hadi kileleni, kwa hiyo ukikata 45,000 za chini umekata sehemu kubwa ya kila nguzo na kubakiza vichwa tu. Nguzo ya 2019 imebaki na 1,200, ya 2023 imebaki na 4,600, na hizo ndizo zinazolinganishwa na jicho.

Kipo kipimo cha hili ambacho Edward Tufte, mtaalamu wa michoro ya takwimu, alikitoa mwaka 1983: gawanya ukubwa wa badiliko linaloonekana kwenye mchoro kwa ukubwa wa badiliko lililomo kwenye data. Mchoro mwaminifu hutoa 1 au karibu sana na hapo. Yeye mwenyewe aliweka mpaka kati ya 0.95 na 1.05. Hapa wino umeongezeka kwa asilimia 283, data kwa 7.4. Jibu ni zaidi ya 38.

Saa 4:20

Mwaka 2020 uko wapi? Kwenye mhimili mlalo, 2019 na 2021 zimekaa bega kwa bega, kwa nafasi ileile iliyopo kati ya 2021 na 2022. Narudi kwenye jedwali na kuukuta: 21,400. Maktaba ilifungwa miezi kadhaa mwaka huo.

Hapo nikaelewa makosa haya mawili yanavyobebana. Skeli inayoanzia 45,000 haina mahali pa kuiweka 21,400. Nguzo yake ingezama chini ya sakafu ya mchoro. Ili skeli ile isimame, mwaka mzima ulilazimika kutoka. Ndiyo maana nikiona mhimili umekatwa, jambo linalofuata huwa ni kuhesabu miaka.

Saa 5:30

Neno "wasomaji" linanisumbua. Wasomaji ni watu wangapi, au ni mara ngapi mlango umefunguliwa? Mtu mmoja anayekuja kila wiki ni msomaji mmoja, lakini ni mahudhurio zaidi ya hamsini kwa mwaka. Nampigia simu dada anayesimamia takwimu za maktaba.

"Ni mahudhurio, ndugu yangu," ananiambia. "Kihesabio cha mlangoni kinahesabu kila anayepita, kuingia na kutoka, halafu sisi tunagawa kwa mbili."

Namuuliza kama ilikuwa hivyo tangu 2019. Ananyamaza kidogo. "Hapana. Kihesabio kiliwekwa Januari 2021. Kabla ya hapo ilikuwa daftari la mapokezi, mtu anajiandikisha mwenyewe."

Jibu hilo limenigharimu dakika arobaini za kufikiri. Kwenye daftari, mwenye haraka hupita bila kuandika, na watoto walioongozana na mzazi huenda wakaandikwa kama mtu mmoja. Kihesabio hakimwachi mtu. Kwa hiyo ile asilimia 7 huenda ni watu wapya, na huenda ni watu walewale waliohesabiwa vizuri zaidi. Hakuna skeli inayoweza kuliponya hilo. Tunachoweza kutetea ni 2021 hadi 2023, miaka iliyopimwa kwa chombo kimoja: kutoka 47,100 hadi 49,600, asilimia 5.3.

Saa 8:00 mchana

Nakaa na mchoraji. Ni kijana hodari na hakukusudia ubaya. Programu yake ilichagua skeli yenyewe, naye akaona imependeza.

"Lakini kaka, nikianza sifuri nguzo zote zitafanana," ananiambia.

Namjibu kwamba zinakaribia kufanana kweli, na msomaji ana haki ya kuliona hilo. Akitaka kuonyesha badiliko dogo, atumie mstari au nukta. Hapo jicho hufuata mwinamo na mahali pa nukta, halipimi urefu kutoka chini, na mhimili unaweza kuanzia juu ya sifuri mradi uandikwe waziwazi. Chati ya homa ya mgonjwa ikianzia sifuri haimsaidii daktari. Nyuzi 37 na 40 zingeonekana jirani, ilhali tofauti yake ni kubwa mno mwilini. Nguzo ndizo zisizoruhusu kukatwa.

Tunakubaliana abaki na nguzo, maana 2020 ikirudi kutakuwa na la kuonyesha.

Pembeni kuna picha mbili za kitabu zinazoonyesha vitabu vilivyoazimwa, ambavyo vimeongezeka mara mbili. Cha pili amekivuta mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, kwa hiyo eneo lake limekuwa mara nne. Nimemwomba mahali pa hicho cha pili achore vitabu viwili vya ukubwa uleule wa cha kwanza, basi.

Saa 9:20

Mchoro mpya umefika. Naziba namba na kuandika tena: "Shimo kubwa 2020, kisha mwinuko mdogo." Napima: pikseli 277 kwa 2019, 128 kwa 2020, 298 kwa 2023. Nikigawanya 298 kwa 277 napata 1.07 na ushee, sawa na jedwali. Kati ya 2020 na 2021 umepita mstari wima wa vitone wenye lebo yake palepale: "Kuanzia hapa: kihesabio cha mlangoni. Kabla: daftari." Nilikataa maelezo hayo yawekwe chini ya ukurasa, kwa sababu msomaji anayahitaji pale macho yake yanapovuka mstari. Kichwa sasa ni "Mahudhurio ya maktaba yapanda kila mwaka tangu 2021".

Saa 9:45

Naupunguza mchoro hadi upana wa skrini ya simu. Lebo ya mstari wa vitone haisomeki. Naomba herufi ziongezwe na zitiwe weusi badala ya kijivu, nasubiri dakika kumi, naangalia tena. Inasomeka. Nautuma kwa mchapaji.