Siku yangu na maneno ya kwenye kamba: Gredi ya Kwanza, Lamu

Nafundisha Gredi ya Kwanza mjini Lamu, watoto wa miaka sita, na kila nikitaja kazi yangu huambiwa, "Ah, nyinyi si mnachezesha watoto tu." Kucheza tunacheza. Leo naandika siku nzima, mtu aone ndani ya huo mchezo mna nini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka nyumbani Langoni, nikiwapisha punda wa mchanga na mawe vichochoroni, na saa moja niko darasani peke yangu. Kazi ya kwanza ni kamba. Kuta zetu zimepakwa chokaa, na chokaa haishiki gundi. Bandika karatasi ya manila jioni, asubuhi utaikuta sakafuni na unga mweupe mgongoni. Kwa hiyo orodha yetu ya maneno inaning'inia kwenye kamba iliyofungwa kati ya misumari miwili, kila neno na kadi yake, limebanwa kwa kibanio cha nguo. Sasa hata nikipewa ukuta wa rangi ya mafuta sirudi nyuma, kwa sababu kadi za kwenye kamba zinahama. Kila asubuhi nazibadilisha mahali. Nisipozihamisha, watoto husoma mahali badala ya neno. Mtoto atakutajia "was" bila kusita kwa kuwa ni kadi ya tatu kutoka mlangoni; ipeleke dirishani, ananyamaza. Kadi iliyoingia doa la mafuta ya mahamri nayo naitupa na kuandika nyingine, maana watalishika doa na neno litawapita.

Wiki hii kamba ina maneno kumi na mawili: the, was, of, said, you, have, are, one, come, some, do, to. Hayo tu.

Saa mbili kengele, mstari, sala, kuita majina.

Saa mbili na dakika ishirini ni Kiingereza, nusu saa, watoto 48. Hawa wamejifunza kusoma kwa Kiswahili, ambako herufi haibadiliki: ukishajua ma na shu na a, umesoma mashua, na kesho utasoma neno ambalo hujawahi kuliona. Hiyo ni nguvu kubwa, na hiyo hiyo ndiyo inayowakwaza wakifika kwenye Kiingereza. "Come" wanasoma ko-me. "One" wanasoma o-ne. "Some" wanasoma so-me, kama mtoto asome kitabu chake. Wanafuata sawasawa kanuni niliyowapa mimi mwenyewe, basi siwezi kuwaambia "umekosea" nikanyamaza. Lazima niwaonyeshe kanuni imevunjika wapi.

Leo zamu ni ya "said", na darasani mwangu yumo Said. Kila kadi hiyo ikiinuliwa, darasa zima linamgeukia. Wanasoma jina lake, Sa-i-d, naye anasimama.

Naanza na mdomo kabla ya kalamu. Nasema sentensi, "Mama said come," na kwa Kiswahili nawaeleza kwamba mama alisema njoo, kwa sababu neno ambalo mtoto hajawahi kulisikia likitumika haliwezi kukaa kichwani hata ulitundike mwaka mzima. Kisha tunalivuta neno polepole, sss-e-d, na kwa kila sauti mtoto anasogeza kokoto moja mezani. Kokoto tatu. Tunachora visanduku vitatu. Sauti ya kwanza? S, tunaiandika. Ya mwisho? D, nayo tunaiandika. Pande zote mbili neno limekuwa mwaminifu. Sasa cha katikati: tunasikia e, lakini humo wamekaa a na i, wawili ndani ya sanduku moja. Hapo nachukua chaki nyekundu. Chekundu ndicho cha kushika kwa moyo, mengine yote yanasomeka. Halafu wanafunika, wanaandika bila kutazama, wanafunua, wanalinganisha.

Hapo ndipo kazi yote ilipo. Mtoto akiambiwa akariri umbo zima la neno, kila neno jipya ni mzigo mpya, na yakianza kufanana yanamchanganya. Akijua kwamba katika "said" ni sehemu moja tu iliyoharibika, amepunguziwa mzigo. Kwa "the" tatizo ni mlango wa mbele: th wanaijua kwenye themanini, nami nawaambia hapa inatoka kama dh ya dhahabu. Kwa "of" ni f inayotoka v. Kila kadi ya kwenye kamba ina wekundu wake, na mtoto akikwama simtajii neno, namuuliza, "Nyekundu iko wapi?"

Said mwenyewe aliuliza kwa nini jina lake halina wekundu. Nililiandika ubaoni chini ya lile jingine, tukagonga meza sauti zake, na kila herufi ikapata pigo lake. Jina lako, nikamwambia, linasomeka lote. Akakaa ameridhika.

Hisabati, mazingira, mapumziko.

Mapumziko ndiyo niliyotaka kunywea chai. Mlangoni alikuwa baba wa mwanafunzi wangu mmoja, msichana, na mkononi ana karatasi nne alizochapisha.

"Mwalimu, sabalkheri. Samahani kukusumbua."

"Sabalkheri, baba. Karibu."

"Hii ni orodha ya maneno 220. Nimeipata kwenye simu, wanasema kila mtoto wa miaka sita ayajue. Nimekuja kutazama ukutani kwenu, naona kumi na mawili. Sasa tutafika lini?"

Nilichoka kabla ya kujibu, kwa kuwa nilijua mapumziko yamekwisha. Lakini mzazi aliyechapisha karatasi nne kwa pesa yake humfukuzi. Tukakaa kwenye benchi la nje, nikachukua penseli.

Orodha aliyoishika naijua. Ni ya Edward Dolch, Mmarekani, ya mwaka 1936. Alichotafuta Dolch ni maneno yanayojitokeza mara nyingi zaidi katika vitabu vya watoto. Neno kujitokeza mara nyingi na neno kutosomeka kwa sauti ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo wazazi wengi, na walimu pia, wanapopotea. Nikamwambia, "Baba, tuyapitie." Can, nikakata. Run, big, get, stop, jump, help, him, ten, six, red, yote nikakata, maana mtoto wake anayasoma kwa kuunganisha sauti, na nikimfanya ayakariri nitamfundisha kuacha kusoma. Make, like, ride, five nikayazungushia duara: haya yana kanuni yao, ile e ya mwisho isiyotamkwa, na tukishaifundisha yatafunguka pamoja. Ukurasa wa kwanza ukabaki na maneno machache tu yenye ukaidi wa kweli, na mengi yao yalikuwa tayari kwenye kamba.

Hakukubali upesi. Alisema binti yake nyumbani anasoma kadi zote, alishamjaribu. Nikamwita mtoto, nikamwandikia kwenye daftari sentensi ndogo: The cat was on the bed. "The" akasoma. "Was" akasoma "saw". Baba akaona, uso ukabadilika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama si chuoni, huko wanakosoma Kurani kutoka kulia.

Nilimjibu bila kuzunguka, kwa sababu hili huwa nalisikia sana na linawaumiza watoto. Chuo hakina kosa. Watoto wasiojua hata alifu hugeuza "was" vilevile, katika umri huu ni kawaida. Kilichomponza ni kwamba kwenye ile orodha amepewa "was" na "saw" kwa pamoja, wala hajalishika hata moja. Mimi "saw" siitundiki mpaka "was" imetulia kabisa. "They" nayo inangoja "the" itulie. Lakini "come" na "some" nimeziweka pamoja makusudi, kwa kuwa ugonjwa wao ni mmoja na dawa yao ni moja. Nikamwonyesha kidole: akiwa nyumbani aweke kidole chini ya herufi ya kwanza, aseme sauti yake, ndipo asogee. Na aandike, asitazame tu.

Kengele ilishalia. Chai niliiacha ikapoa.

Baada ya hapo saa sizifuati tena. Joto lilikuwa limeingia, upepo wa bahari haufiki upande wetu, na nilikuwa na mchezo wa bingo wa kuendesha. Watu hudhani mchezo wowote unafaa. Wengine hucheza ule wa watoto wawili mbele ya ubao, kila mmoja na kipiga nzi, mwalimu anataja neno nao wanakimbilia kulichapa. Unapendeza, kelele tele, lakini wawili wanasoma na 46 wanashangilia, na anayeshinda ni yule yule aliyekuwa anajua tangu mwanzo. Kwenye bingo yangu kila watoto wawili wana ubao wa manila wenye miraba tisa na vifuniko vya soda. Nataja neno ndani ya sentensi. Haruhusiwi kufunika mpaka amsomee mwenzake na kumwonyesha nyekundu ilipo. Akipata matatu kwa mstari hapigi kelele akaishia hapo: anaondoa vifuniko na kuyasoma matatu yale mbele ya darasa, na akikwama, mchezo unaendelea. Wote wanasoma, kila raundi.

Inachosha. Sauti ilinikauka, vifuniko vilianguka, wawili wakagombana, mmoja akalala kabisa juu ya ubao wake. Mimi natembea kati ya madawati na kijitabu, naandika nani anasita. Ninachosikiliza ni muda: mtoto anayelijua neno hulitoa papo hapo, anayekisia hutazama kwanza kwenye kamba. Zikikaribia kumalizika raundi naizungushia kamba leso, nione nani kabaki na neno kichwani. Leo "are" ilisimama vizuri. "Of" ilianguka tena, watoto wengi waliandika o-v, na mimi naona hilo ni kosa zuri, maana sauti wameisikia.

Wakaondoka kula na kujiandaa kwenda chuo. Nilibaki kusahihisha, kufagia kokoto, na kujaza fomu ambazo ofisi inazitaka.

Usiku, baada ya Isha, nakata kadi. "Are" inashuka kesho na kuingia kwenye kopo la marudio, ambalo hulifungua kila Ijumaa, maana neno lililoshushwa bila kurudiwa husahaulika. Nafasi yake nilitaka kuweka "who". Kabla sijaandika, simu ikaita. Ni yule baba. Binti yake kamuuliza ile w ya "two" inafanya nini mle ndani, naye hana jibu.

Nikamwambia amtamkie "twelve" na "twenty", amwulize kama anaisikia w. Katika hayo mawili inasikika wazi, na yote matatu ni jamaa wa mbili: mbili yenyewe, kumi na mbili, ishirini. Kwenye "two" imebaki katika maandishi tu.

"Who" nimeirudisha mkobani. Kesho inapanda "two", w yake kwa wino mwekundu, na yule msichana ndiye atakayeibana.